Umepandia Wapi?

Reli yoyote inayouza safari kwa umbali inahitaji kujua mambo mawili kabla ya kumtoza abiria: alikopandia na anakoshukia. La pili halina ubishi, kwa kuwa abiria anashuka machoni pa watu. Ubishi wote uko kwenye la kwanza. Palipo na dirisha la tiketi, swali hilo limekwisha kujibiwa kabla treni haijafika, maana tiketi yenyewe imeandikwa jina la stesheni. Ondoa dirisha, ondoa karani, acha jukwaa tupu na ubao wa jina, na abiria atapanda bila kitu chochote mkononi kinachosema alitokea wapi.

Konda wa daladala hutatua jambo hili kwa kumbukumbu. Anakumbuka kwamba yule mama mwenye kapu alipandia Ubungo na huyu kijana kaingia sasa hivi, na akisahau anauliza kwa sauti mbele ya mashahidi ishirini. Njia hiyo inafaa gari lenye konda. Wajapani walijikuta na tatizo gumu zaidi: treni isiyo na konda, inayosimama kwenye stesheni zisizo na mtu, ikiwa na dereva mmoja tu ambaye macho yake yanatakiwa kuwa relini. Jawabu lao ni kikaratasi kidogo chenye namba.

Treni za aina hii Japani huitwa wanman, yaani treni ya mtu mmoja. Utaratibu huo ulianza kwenye mabasi, kisha mwaka 1971 njia fupi ya Ryugasaki ya kampuni ya Kanto, kaskazini mashariki ya Tokyo, ikaanza kuendesha treni zake bila konda. Wakati ule vijiji vilikuwa vimeanza kuhamwa na vijana, abiria wakipungua mwaka hadi mwaka, na mishahara ya makarani wa vituo vidogo ilikuwa imeshazidi fedha wanayokusanya. Kampuni zikaondoa makarani kwanza, kisha makonda. Leo karibu nusu ya stesheni zote za nchi hiyo hazina mfanyakazi. Wageni wengi hawalijui hilo, kwa sababu Japani wanayoiona ni ile ya Tokyo na Osaka, yenye mageti ya kugusa kadi na umati wa watu.

Tuchukue kituo kimoja tukifuate hadi mwisho: Koboro, kwenye kisiwa cha Hokkaido, njia kuu ya Muroran. Kiko kwenye mwanya usiofika mita 100 baina ya mahandaki mawili, mlima nyuma yake, bahari chini yake, wala hakuna barabara ya gari inayofika pale. Kilianzishwa mwaka 1943 kama mahali pa treni kupishana. Mwaka 2015 kampuni ya reli ya Hokkaido ilitangaza nia ya kukifunga, na mji jirani wa Toyoura ukajitolea kubeba gharama za matunzo kwa sababu wapenda reli walikuwa wakitoka mbali kuja kukiona. Hakuna mashine ya tiketi Koboro, hakuna kifaa cha kugusa kadi, hakuna duka wala simu ya kumpigia karani. Anayetaka kuondoka pale kwa treni hana namna ya kununua tiketi kabla ya kupanda.

Treni inayokuja kwa kawaida ni behewa moja la dizeli, lenye mlango nyuma na mlango mbele. Kwenye kituo kisicho na mtu, mlango wa nyuma ni wa kuingilia na wa mbele ni wa kutokea, basi. Kama mabehewa ni mawili, la pili halifunguki kabisa. Anayesubiri usawa wake atagonga kioo bure huku dereva akimwashiria aje mbele. Jukwaani mara nyingi huwa pamechorwa alama ya mahali pa kusimama. Mgeni asiyeujua utaratibu huu hujipanga mbele, penye dereva, akidhani ndipo pa kulipia kama basi la kwao, na anawazuia wanaoshuka. Halafu kuna kitufe: mlango haufunguki wenyewe, hasa katika nchi ya baridi ambako hawataki joto litoke. Unakibonyeza, unaingia, na treni ikishaanza kuondoka mlango umejifunga.

Ndani ya mlango ule wa nyuma, kwenye usawa wa kiuno au kifua, pana kisanduku chembamba chenye kinywa. Kinatoa ulimi wa karatasi upana wa vidole viwili. Hii ndiyo seiriken. Inaandikwa namba, na mara nyingi jina la kituo au alama ya treni, na kwenye mashine mpya pana mistari ya kusomwa na kifaa. Haina bei, si tiketi, wala haikupi haki yoyote ya kusafiri. Inasema jambo moja tu: mwenye karatasi hii aliingia mahali fulani. Treni ikitoka kituo kimoja kwenda kingine, mashine inabadili namba yenyewe, kwa hiyo abiria wawili walioingia kituo kimoja wana namba sawa na aliyeingia kituo kinachofuata ana namba inayozidi kwa moja.

Tuseme treni yetu imeanzia Higashi-Muroran ikielekea Oshamambe. Ukihesabu vituo kuanzia pale, Koboro ni cha 14. Unachukua karatasi namba 14 na kukaa. Juu ya chumba cha dereva, mbele, pana ubao wa mwanga wenye vyumba vingi kama kalenda. Kila chumba kina namba na chini yake nauli. Ubao huo ndio orodha ya bei, lakini ni orodha inayosogea. Unaonyesha nauli hadi kituo kinachofuata, si hadi unakokwenda wewe. Ukiutazama mara tu baada ya kupanda, chumba cha 14 kitakuonyesha nauli ndogo kabisa, kwa sababu kituo kinachofuata ni jirani. Treni ikipita kituo hicho, nauli zote zinapanda: walioingia mapema wanaona bei kubwa, wewe unaona ndogo. Wapo wanaosoma mapema, wakaandaa sarafu za kiasi hicho, wakalala usingizi, na kuamka kituo cha tatu wakiwa na fedha pungufu. Pa kuusoma ni pale tu sauti ya kurekodiwa inapotangaza jina la kituo chako.

Hapa ndipo mambo ya fedha yanapoingia, na kwa uzoefu wa wageni wengi hapa ndipo panapowatoa jasho. Kando ya dereva pana sanduku la nauli. Sanduku hilo halirudishi chenji. Ulichotumbukiza kimekwenda, hata ukizidisha. Ili kuwa na kiasi kamili, sanduku lina sehemu ya pili ya kuvunjia fedha, na watu huchanganya sehemu hizo mbili. Kwenye kinywa cha kuvunjia unaweka noti ya yen 1,000 na sarafu zinamwagika kwenye sinia. Jumla yake ni yen 1,000 ileile, hakuna kilichokatwa. Kisha ndipo unahesabu nauli kutoka humo na kuitia kwenye kinywa cha nauli pamoja na karatasi yako. Kwa mfano nauli ikiwa yen 580, na sarafu ulizopewa ni moja ya 500, nne za 100, moja ya 50 na tano za 10, unatia ya 500, ya 50 na tatu za 10, unaongezea karatasi namba 14, na zilizobaki zinarudi mfukoni. Anayetia noti ya 1,000 moja kwa moja kwenye kinywa cha nauli amelipa 1,000.

Noti za 2,000, 5,000 na 10,000 kwa kawaida mashine haizipokei kabisa. Dereva naye hana droo ya fedha. Mgeni aliyetoka benki na noti moja ya 10,000, akifika kituo kisicho na mtu, anamkwamisha dereva na treni nzima. Ndiyo maana watu wa huko huvunja fedha mapema, treni ikiwa imesimama kituo cha njiani, wala hawasubiri mlango ufunguke. Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya, na kabla yake, Novemba 2021, sarafu mpya ya yen 500. Kampuni ndogo za reli zenye masanduku ya zamani hazikuweza kuyabadili yote kwa siku moja, kwa hiyo kwa muda fulani fedha halali kabisa ya nchi ilikuwa haivunjiki ndani ya baadhi ya treni. Anayesafiri vijijini hana budi kuwa na sarafu na noti ndogo ndogo tangu mjini.

Dereva hufanya nini? Akisimamisha treni anageuka. Anaangalia karatasi, anatupia jicho ubao, anaangalia sarafu zilizotulia nyuma ya kioo cha sanduku, na kama hesabu ni sawa anainamisha kichwa na sarafu zinashuka. Masanduku mapya yanahesabu yenyewe na kusoma mistari ya karatasi. Lakini kwa ya zamani ni macho ya mtu aliyezoea, na inachukua sekunde chache kwa kila abiria. Wakishuka watu watano ni sawa. Wakishuka wanafunzi arobaini na kila mmoja anatafuta sarafu, ratiba inakwenda mrama, na hicho ndicho kikomo cha mfumo wote: unafaa njia zenye abiria wachache. Wanafunzi wenyewe kwa bahati huwa na pasi za mwezi, wanazionyesha tu na kupita.

Hadi hapa nimezungumzia anayeshuka kituo kingine kisicho na mtu. Lakini msafiri wetu anaelekea Oshamambe, ambako kuna wafanyakazi. Milango yote inafunguka, hakuna anayelipa kwa dereva, na karatasi namba 14 inakwenda mkononi mwa karani getini. Tena huyu msafiri haishii pale. Anataka kuendelea hadi Hakodate kwa treni ya kasi iitwayo Hokuto. Sasa karatasi ile ya bure inageuka kuwa na thamani ya fedha.

Toka Koboro hadi Oshamambe ni kilomita 17.5, na toka Oshamambe hadi Hakodate ni 112.3. Nauli za kampuni ya reli ya Hokkaido zinahesabiwa kwa jumla ya kilomita za safari nzima, na kila kilomita inayoongezwa hugharimu kidogo kuliko zile za mwanzo. Akilipa Oshamambe nauli ya 17.5 na kisha kununua tiketi mpya ya 112.3, amelipa mwanzo wa safari mara mbili. Akienda dirishani na karatasi yake, akasema ametoka Koboro na anakwenda Hakodate, karani anaweza kumkatia tiketi moja ya kilomita 129.8. Karatasi ndiyo ushahidi kwamba safari yake ilianza kule msituni. Juu ya nauli hiyo ataongeza tiketi ya treni ya kasi, na kwa Hokuto tangu Machi 2024 viti vyote ni vya kuwekewa nafasi, hivyo ni vizuri kupita dirishani kwa vyovyote vile. Kinachoharibu mambo ni haraka: abiria anashuka, anaona treni ya pili iko tayari ng'ambo ya jukwaa, anaruka ndani akiwa na karatasi tu. Hapo itambidi amweleze konda wa treni ya kasi, ambaye ana mashine ya mkononi ya kukatia tiketi na chenji mfukoni. Atahudumiwa, lakini kiti alichokalia huenda kina mwenyewe.

Na asiyechukua karatasi je? Hili hutokea kila siku. Mtu ameingia na mizigo, au watoto wamemtangulia, au hakujua. Sheria ya reli ya Japani ni ya mwaka 1900 na bado inatumika, na kifungu chake cha 18 kina kauli iliyo wazi: ikiwa haijulikani abiria alipandia wapi, nauli inahesabiwa kutoka stesheni ilikoanzia treni. Kwa msafiri wetu maana yake ni Higashi-Muroran, kilomita 77.2 kutoka Oshamambe, badala ya 17.5. Nauli ya safari ambayo hakuisafiri. Aliyekusudia kudanganya anaweza kutozwa zaidi, nauli pamoja na nyongeza ya hadi mara mbili yake. Kwa mwenendo wa kila siku madereva hawaanzi na sheria. Wanauliza, na abiria aliyeingia Koboro peke yake na mkoba wa kupandia mlima ni rahisi kumkumbuka. Hata hivyo kifungu kile kinaonyesha mzigo wa ushahidi uko kwa nani. Reli imekuwekea mashine mlangoni, kazi ya kunyoosha mkono ni yako. Binafsi naona ni mgawanyo wa haki, maana kifaa cha kujithibitisha kiko pale pale abiria anapokanyaga, hakimgharimu chochote na hakihitaji ajue lugha.

Linganisha na Uingereza, ambako Waswahili wengi wanaishi na wengi wamewahi kushikwa na mkaguzi. Huko nako vituo visivyo na dirisha ni vingi. Kanuni ni kwamba kama kituo ulichopandia hakina namna ya kununua tiketi, unaruhusiwa kupanda na kununua kwa konda, au mahali pa kwanza panapopatikana nafasi ya kununua, kwa bei ileile ambayo ungelipa dirishani. Kama mashine ilikuwapo na ilikuwa nzima nawe ukapanda bila tiketi, kwenye treni zinazotumia faini, huko England faini hiyo tangu Januari 2023 ni pauni 100 pamoja na nauli, na hupungua nusu ukilipa ndani ya siku 21. Kwa hiyo ugomvi wote unahusu hali ya mashine moja, kwenye jukwaa moja, dakika fulani asubuhi. Ilikuwa nzima au mbovu? Ilikataa noti au kadi? Zamani vituo vingi viliwekewa mashine ndogo zilizopokea sarafu yoyote uliyonayo na kutoa kipande kilichoandikwa kituo na saa. Ulichotia kilikatwa kwenye nauli baadaye. Nyingi zimeondolewa. Abiria mwerevu sasa anapiga picha ya kioo cha mashine iliyokufa kabla ya kupanda, na picha hiyo inafanya kazi ya seiriken.

Japani nao wana kifaa cha aina hiyo kwa treni zenye konda au zisizo na mashine ya namba mlangoni. Kwenye baadhi ya vituo visivyo na mtu pana kisanduku chenye kitufe. Ukibonyeza kinatoa cheti cha kituo cha kupandia, chenye jina la kituo na tarehe. Ni bure. Mtu akipita bila kukibonyeza yuko katika hali ileile ya aliyesahau namba.

Tatizo jipya limeletwa na kadi za kugusa. Kadi hukumbuka ilikoguswa, na ungedhani zimemaliza swali. Lakini matumizi yake yamegawanywa kwa maeneo. Mtu anagusa kadi mjini, anapanda, anabadili treni mara mbili, na kushuka kijijini nje ya eneo. Dereva wa wanman hana kifaa cha kuisoma. Atamtoza nauli yote kwa sarafu na kumwandikia cheti cha kupeleka kwenye stesheni yenye karani, kwa sababu ndani ya kadi safari bado iko wazi: imeingia na haijatoka. Asipokwenda kuifunga, siku nyingine geti la mjini litamkatalia. Ishara ya kwamba unaelekea kwenye mtego huu ni ndogo, aghalabu ni kibandiko mlangoni au ramani ukutani inayoonyesha eneo la kadi linakoishia. Ukienda mbali mashambani, nunua tiketi ya karatasi dirishani, hadi kituo chenyewe unakoshukia. Makarani wa mjini huziuza hata za kwenda vituo visivyo na mtu, na kwa safari ya namna hiyo ndiyo njia isiyo na usumbufu: dereva anaipokea tiketi na hakuna wa kutafuta sarafu.

Katika miaka ya karibuni kampuni zimeanza kuendesha wanman hata kwenye treni ndefu za pembezoni mwa miji, ambako haiwezekani watu wote wapite mlango mmoja wa mbele. Huko milango yote inafunguka kila kituo, dereva hapokei chochote, na kwenye jukwaa tupu pana kisanduku cha kutumbukiza tiketi na nauli. Wakaguzi hupanda mara moja moja. Hapo karatasi ya namba haipo tena, na kampuni imekubali kwamba baadhi ya fedha haitaingia, maadamu hasara hiyo ni ndogo kuliko mshahara wa konda.